Maneno 12 ambayo hakuna ofisi inayoyatunza

Tuseme kuna dada mbunifu wa nembo anayeishi Mwanza. Wateja wake wako nje, na baadhi yao humlipa kwa sarafu ya mtandaoni ya bitkoini. Anaipokea kwenye simu kupitia programu ya pochi, ile ambayo wengi huiita waleti, na kwa miaka miwili amejiwekea bitkoini 0.04. Jumamosi moja akiwa kwenye bodaboda, simu inakwapuliwa.

Jumatatu anakwenda kwa wakala wa mtandao wake wa simu, anaweka kidole, taarifa zake za NIDA zinajitokeza, anapewa laini yenye namba ileile. Anabadilisha namba ya siri ya pesa za simu na kukuta salio lake limetulia. Kisha anapakua ile programu ya pochi kwenye simu mpya. Haimuulizi namba ya simu, barua pepe wala jina. Inampa njia mbili tu: kutengeneza pochi mpya, au kurejesha ya zamani kwa kuingiza maneno 12.

Anachokikumbuka yeye ni namba ya siri ya tarakimu sita aliyokuwa akifungulia programu. Hakuna mahali pa kuiandika. Kitengo chetu cha usalama wa mtandao hupata maswali mengi ya namna hii, na karibu kila mara muulizaji anaamini kwamba namba ile ndiyo funguo ya pesa zake. Siyo. Namba ile ilifungua kisanduku kilichokuwa ndani ya simu iliyoibiwa, na kisanduku kimeondoka na simu.

Funguo yenyewe ni yale maneno. Kwenye skrini utayaona kwa majina kama `Secret Phrase` au `Secret Recovery Phrase`. Hapa nitayaita maneno ya mbegu, kwa sababu pochi nzima huota kutokana nayo. Unapotengeneza pochi, simu huchagua namba kubwa bila mpangilio wowote. Ni sawa na kurusha shilingi hewani mara 128 na kuandika kila mara kama kimetoka kichwa au mwenge. Binadamu hawezi kunakili matokeo 128 bila kukosea, kwa hiyo namba hiyo hukatwa vipande, na kila kipande hupewa neno kutoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2048. Utaratibu huu ulipendekezwa mwaka 2013, unaitwa BIP39, na ndio unaotumiwa na programu nyingi za pochi mpaka leo. Orodha ipo katika lugha kadhaa lakini Kiswahili hakimo, na ndiyo maana mtu wetu wa Mwanza alionyeshwa maneno ya Kiingereza yasiyohusiana hata kidogo. Yalionekana kama mchezo. Akabonyeza kuendelea bila kuyaandika.

Kutoka kwenye maneno hayo, programu hupiga hesabu na kupata ufunguo wa siri, na kutoka kwenye ufunguo hupata anwani ambako mteja hutuma pesa. Hesabu hii huenda upande mmoja tu. Ukiwa na maneno utapata anwani ileile leo, kesho na baada ya miaka ishirini, kwenye simu yoyote. Ukiwa na anwani peke yake huwezi kurudi nyuma ukapata maneno.

Bitkoini zenyewe hazikuwa ndani ya simu. Ziko kwenye daftari moja ambalo maelfu ya kompyuta duniani huweka nakala yake, na daftari hilo halina jina la mtu. Linasema tu kwamba anwani fulani ina kiasi fulani, na atakayetia saini kwa ufunguo wa anwani hiyo ndiye atakayehamisha. Pesa za simu zina kampuni nyuma yake yenye watumishi wanaoweza kukuangalia, kukulinganisha na kitambulisho na kukufungulia upya. Huku hakuna wa kulinganishwa naye. Hata aliyetengeneza programu ya pochi hana nakala ya maneno yako, maana yalizaliwa ndani ya simu yako na hayakutumwa kwake.

Tofautisha hali hii na mtu aliyeacha sarafu zake kwenye akaunti ya soko la kubadilishia sarafu. Huko funguo zinashikwa na kampuni, kwa hiyo ukisahau nenosiri unalibadilisha kwa barua pepe na kitambulisho. Ana hatari zake huyo, kampuni inaweza kufilisika au kumfungia akaunti, ila maneno ya mbegu si tatizo lake kwa sababu hakuwahi kupewa.

Linaloumiza zaidi ni kwamba mwenye pochi bado anaweza kuziona pesa zake. Mteja wake anayo anwani aliyoitumia. Akiibandika kwenye tovuti ya wazi ya kusomea daftari, kama mempool.space, bitkoini 0.04 zinaonekana na tarehe zake zote. Kubahatisha maneno hakusaidii: michanganyiko inayowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Kompyuta inayojaribu michanganyiko bilioni moja kila sekunde ingehitaji miaka ambayo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 23.

Mahakama nayo haina pa kushika. Huko Newport, Wales, mtu mmoja alitupa mwaka 2013 diski ya kompyuta yenye ufunguo wa bitkoini zipatazo 8,000. Siku zile ufunguo wake ulikaa kwenye faili, maneno ya mbegu hayakuwepo kwenye pochi yake. Alipambana na halmashauri kwa miaka ili aruhusiwe kufukua jalala, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali kesi. Angalia alichokuwa anakigombania: takataka. Hakukuwa na mtu wa kumshitaki ili ampe bitkoini zenyewe. Ndivyo ilivyo kwa warithi pia. Barua ya usimamizi wa mirathi itafungua akaunti ya benki ya marehemu, lakini haiwezi kutia saini kwenye daftari hili.

Sasa, si kila kupotea ni kupotea kabisa, na hapa ndipo watu huharibu kwa haraka. Kama simu haikuibiwa bali imevunjika kioo au haiwaki, ufunguo bado umo ndani. Fundi akibadilisha kioo au betri, programu itafunguka na namba yako ya siri na utaweza kuyasoma maneno kwenye mipangilio. Kosa ni kumwachia fundi aiflashi simu, au kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani kwa sababu umesahau mchoro wa kufungulia. Kuflashi hufuta kisanduku, na kisanduku kilichofutwa hakirudi. Hata kufuta programu ya pochi ili simu ipate nafasi huleta matokeo yaleyale. Baadhi ya programu huruhusu kuhifadhi nakala iliyofungwa kwa nenosiri kwenye Google Drive au iCloud. Kama uliwahi kukubali hilo, anzia hapo kabla ya kukata tamaa.

Hali nyingine ni ya karatasi iliyoharibika. Tuseme dada yetu aliandika maneno yote 12 kwenye daftari la shule, maji yakaingia, na neno la saba halisomeki. Orodha ina maneno 2048, lakini maneno 12 yamebeba ndani yake alama ndogo ya uhakiki, kama tarakimu ya mwisho ya namba za baadhi ya kadi za benki, inayokataa michanganyiko kumi na tano katika kila kumi na sita. Yanabaki kama 128 hivi ya kujaribu. Kila mmoja unatoa anwani yake, na mmoja tu utatoa ile ambako mteja alituma pesa. Kompyuta inamaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua kwa programu ya wazi kama BTCRecover, ikiendeshwa kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Yakikosekana maneno mawili, ya kujaribu hufika kama 262,000, bado si kazi. Kadiri maneno yanavyoongezeka mlima unapanda haraka sana, na yakipotea sita au saba ni sawa na kupotea yote.

Mpangilio nao ni sehemu ya siri. Maneno 12 yaliyoandikwa ovyo bila namba yana mipangilio karibu milioni 479, ambayo kompyuta huipitia ikiwa anwani inajulikana. Baadhi ya pochi hutoa maneno 24 badala ya 12, na hayo yakichanganyika hayapangiki tena.

Mara nyingi kosa ni la mwandiko. Kwenye orodha yamo `word`, `wood`, `work` na `world`, na mtu aliyeandika haraka kwa kalamu inayokwama hatayatofautisha baada ya mwaka. Msaada upo: herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno lolote, kwa sababu hakuna maneno mawili kwenye orodha yanayofanana herufi hizo nne. Andika kwa herufi kubwa zilizotengana, na kila neno lipe namba yake.

Wengine hukwepa karatasi wakapiga skrinishoti. Februari 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kirusi kilichopewa jina SparkCat, kilichokutwa ndani ya programu zilizokuwa kwenye duka la Google na la Apple, ambacho kazi yake ilikuwa kupekua picha za simu na kusoma maandishi yake kutafuta maneno haya. Na atakayejitokeza mtandaoni kudai atakurejeshea pochi kwa sharti umtumie maneno uliyonayo, huyo ndiye mwizi mwenyewe. Hakuna kazi halali inayohitaji kuyaona, hata kama ana picha ya ofisi na mihuri.

Njia ya kujua kama karatasi yako inafanya kazi ni kuijaribu kabla pesa haijaingia. Tengeneza pochi mpya, andika maneno, nakili na anwani ya kupokelea ukutani au popote, maana anwani si siri kama maneno. Futa programu. Ipakue tena, chagua kurejesha, ingiza maneno kutoka kwenye karatasi. Anwani ikitoka ileile herufi kwa herufi, karatasi ni sahihi. Programu ikisema maneno si halali, kuna neno ulilokosea au umebadilisha mpangilio. Ikikubali maneno lakini ikaleta anwani nyingine, usishtuke bado: aina ya anwani huenda ni tofauti. Kwa bitkoini, zinazoanza na `bc1q` hupatikana kwenye njia ya hesabu inayoandikwa `m/84'/0'/0'`, na zinazoanza na `1` kwenye `m/44'/0'/0'`, kutoka kwenye maneno yaleyale. Tafuta chaguo hilo kwenye mipangilio. Kama uliongeza pia neno lako la ziada wakati wa kutengeneza pochi, programu haitakuambia umelikosea. Itafungua pochi nyingine halali kabisa, tupu, kwa sababu kila neno la ziada, hata lililokosewa herufi moja, lina pochi yake.