Nondo za nguzo: lapu si 40d siku zote, na kona haiongezi chuma

Nimeandaa skejuli za nondo kwa miaka kadhaa, na makosa ya slabu huwa nayaona mapema. Ya nguzo hujificha. Nondo inaonekana ndefu, imenyooka, hesabu yake inaonekana ni ya kujumlisha tu. Kisha kika, kile kisigino kifupi cha zege kinachoanzisha nguzo, inamwagwa, unapima kilichobaki juu, na hakuna tena wa kuirefusha.

Tuchukue nguzo moja tubaki nayo hadi mwisho. Ni ya nyumba ya ghorofa moja, ukubwa wake milimita 300 kwa 300, nondo nne za milimita 16, ringi za milimita 8, kava ya milimita 30 kutoka uso wa zege hadi nje ya ringi. Msingi una unene wa 400. Kutoka juu ya msingi hadi juu ya slabu ya ghorofa ya kwanza ni 4,400, na kutoka hapo hadi juu ya biti ya paa ni 3,200. Vipimo vyote ni milimita, kama ilivyo kwenye skejuli.

Dhana: lapu, yaani urefu ambao nondo mbili hulala pamoja, ni kipenyo mara 40, basi.

Karibu kila fundi nondo atakujibu hivyo hata ukimwamsha usingizini. Namba hiyo haikuokotwa, ina kwao. Katika BS 8110, kiwango ambacho michoro mingi ya kwetu bado inakifuata, urefu wa mshiko hutokana na nguvu ya chuma kugawanywa kwa uwezo wa zege kukishika. Kwa nondo ya mistari iliyo kwenye mgandamizo hesabu inakwenda hivi, nguvu zikiwa kwa N/mm² na d ikiwa kipenyo cha nondo:

```
chuma 460, zege 25
0.87 x 460 = 400
4 x 0.63 x √25 = 12.6
mshiko = 400 / 12.6 = 31.8d
lapu   = 31.8 x 1.25 = 39.7d
```

Hiyo ndiyo 40 yetu. Kiwango kinataka lapu ya mgandamizo izidi urefu wa mshiko kwa robo, na ndipo 1.25 ilipotoka. Namba ni sahihi kabisa, lakini kwa chuma cha 460 na zege la 25. Mchoro ukisema chuma cha 500, ile 400 inakuwa 435 na lapu inapanda hadi 43d. Zege likishuka hadi 20 huku chuma kikiwa 500, inafika 48d. Kwa nondo ya 16 hiyo ni karibu 770, wakati fundi amekata kwa 640.

Kuna jambo jingine ambalo 40d inalificha: imechukulia kwamba nondo inagandamizwa. Nguzo ya pembeni inayopokea biti ndefu upande mmoja hupinda, na nondo za upande mmoja zinaweza kuvutwa. Kwenye mvuto, mshiko wa chuma cha 460 kwenye zege la 25 tayari ni 40d bila nyongeza yoyote. Halafu kiwango kinasema lapu ya mvuto iliyo kwenye kona, ikiwa kava yake ni chini ya vipenyo viwili, izidishwe kwa 1.4. Unafika 56d. Nondo zote nne za nguzo ndogo ziko kwenye kona, kwa hiyo hapa hakuna pa kukwepea isipokuwa kava. Ya kwetu ina kava ya 30 na ringi ya 8, jumla 38 hadi kwenye nondo, na vipenyo viwili vya 16 ni 32, basi sharti hilo halitugusi. Ingekuwa nondo ya 20, vipenyo viwili ni 40, na ingetugusa kwa milimita mbili tu. Anayeamua kama nondo inavutwa ni mhandisi, si mwandika skejuli. Kazi yako ni kumuuliza pale mchoro unapokaa kimya, badala ya kujaza 40 kwa mazoea.

Ikiwa nondo ya chini ni 20 na ya juu ni 16, lapu huhesabiwa kwa ile ndogo. Wengi huzidisha kwa kubwa na kupoteza chuma bure.

Nguzo yetu ni chuma cha 500, zege la 25, mgandamizo. 43 mara 16 ni 688, tunaandika 700.

Dhana: nondo ina ncha mbili, kwa hiyo ina lapu mbili.

Hili nililifanya mwenyewe kwenye skejuli yangu ya kwanza ya nguzo, na nondo zilitokeza juu ya slabu kama antena. Kila sakafu ina lapu moja, na mwenye kuibeba ni nondo ya chini. Ya juu husimama tu juu ya kika na kulala kando ya ile iliyotokeza.

Kika nayo huwachanganya watu: iongezwe au isiongezwe? Nondo yetu ya chini inaanza juu ya kika ya msingi, milimita 75 juu ya msingi. Inaishia lapu moja juu ya kika ya ghorofani, yaani 75 na 700 juu ya slabu. Umepoteza 75 chini, umeipata 75 juu, imejifuta. Urefu ni 4,400 na 700, jumla 5,100, na kika haionekani popote.

Inaonekana sehemu mbili. Ya kwanza ni stata, ile nondo yenye mguu inayotoka kwenye msingi. Mguu wake unakaa juu ya mkeka, na mkeka una kava ya 50 na tabaka mbili za nondo za 12, jumla 74. Ndani ya msingi inabaki 326, kisha kika 75, kisha lapu 700. Hiyo ni 1,101, nami naandika 1,105. Ukisahau kika hapa, lapu inabaki 625, sawa na 39d. Ya pili ni nondo ya juu kabisa, ambayo haina lapu ya kumpa mtu. Inaanza juu ya kika na kuishia chini ya kava ya biti ya paa, kwa hiyo 3,200 unaitoa 75 na kava, halafu unaongeza mguu wa kukunja kama mchoro unautaka.

Dhana: ukikunja, ongeza chuma cha kona.

Ni kinyume chake. Vipimo vya skejuli hupimwa kwa nje ya nondo, kona hadi kona, kana kwamba kona ni kali. Nondo haikati kona kali, inazunguka na kupita njia ya mkato. Kwa hiyo ukijumlisha vipimo vya nje umeshazidisha, na inabidi utoe. BS 8666, kiwango cha kukunja nondo, inatoa nusu ya nusu-kipenyo cha mkunjo pamoja na kipenyo kimoja cha nondo kwa kila kona ya nyuzi 90. Nondo hadi 16 hukunjwa kwa nusu-kipenyo cha ndani kisichopungua 2d, kwa hiyo makato ni 2d kamili. Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni ya mtaani ya "toa vipenyo viwili kila kona".

Inafaa hadi 16 tu. Kuanzia nondo ya 20 mkunjo ni 3.5d, na makato yanakuwa 35 na 20, jumla 55, badala ya 40. Na anayekunja 20 kwenye pini ileile nyembamba aliyokunjia 12 hapati tu vipimo tofauti, anaweza kuiacha kona na nyufa upande wa nje. Pitisha kucha, utazisikia.

Stata yetu, yenye mguu wa 300, ni 1,105 na 300 ukitoa 32. Ni 1,373, na urefu hupandishwa hadi kizidisho cha 25 kinachofuata: 1,375. Nondo ya mita 12 inatoa vipande viwili vya 5,100, na kipande cha 1,800 kinachobaki kinatoa stata moja.

Ringi ndiyo yenye utamu. Pande zake kwa nje ni 300 ukitoa kava mbili, yaani 240. Mkia wa kila ncha, kwa ndoano ya nyuzi 90 kwenye nondo ya 8, ni 115. Hesabu kona: tatu za kawaida, na mbili pale ncha zinapokutana. Tano. A na B ni pande, C ni mkia, r ni nusu-kipenyo cha mkunjo.

```
L = 2(A + B + C) - 2.5r - 5d
  = 2(240 + 240 + 115) - 2.5(16) - 5(8)
  = 1190 - 40 - 40 = 1110  ->  1125
```

Sasa mzee wa meza ya kukunjia atakwambia yeye hatoi kitu na ringi zake ziko sawa. Hadanganyi. Yeye hupima ndani ya ringi, na ndani ni 224. Mara mbili ya 224, 224 na 115 ni 1,126. Kwa ringi ya 8, kupima ndani bila kutoa kunaangukia karibu palepale na kupima nje ukitoa.

Balaa linaanza njia mbili zinapokutana kwenye karatasi moja. Wewe umeandika 240 ukimaanisha nje, yeye amepigilia pini zake ili 240 iwe ndani. Ringi inatoka na 256 kwa nje, na kava ya 30 imekuwa 22. Utaijua siku ya kufunga boksi, pale biskuti za 30, vile vijitofali vya kushikilia kava, zinapogoma kuingia na mtu anaanza kuzitoa moja moja ili mbao zikae. Ndiyo maana ringi ya kwanza hupimwa kwa futi, nje hadi nje, kabla ya kukunja mia mbili nyingine.

Kanuni hiyo ni ya ndoano za nyuzi 90. Mchoro ukitaka 135, makato yanabadilika.

Dhana: kranki ya lapu, ule mkunjo wa kusogeza nondo kando, inaongeza 0.42 ya umbali inaosogezwa.

Hiyo ni ya nondo za slabu zilizopandishwa kwa nyuzi 45. Kwenye nguzo, nondo husogezwa ndani taratibu, kwa kawaida moja kwa kumi. Ukisogeza 40 ndani ya urefu wa 400, urefu wa mshazari ni 402. Milimita mbili haziandikwi popote.

Kilichobaki ni cha saiti. Kika ikishamwagwa na kushika, weka futi juu ya kika, si juu ya msingi, na upime kila ncha ya stata. Zote nne zisome 700. Ikisoma 630, msingi ulimwagwa juu kuliko mchoro au kika ilisahaulika kwenye skejuli, na ni afadhali mhandisi alijue siku hiyo, kabla nondo za 5,100 hazijafungwa waya.