Simu ya saa nne asubuhi

"Natafsiri nyaraka nikiwa nyumbani, kazi ya kujitegemea. Simu ya mteja huwa nusu saa tu, lakini ikiangukia saa nne, asubuhi yote imekwenda. Kwa nini? Na kuigawa wiki kwa vipande vya saa kunasaidia nini?"

Chukua mkataba wa mkopo. Kwenye ukurasa wa pili umeshaamua hapa ni "dhamana", pale ni "rehani". Ukurasa wa saba anaibuka mdhamini, na usipokuwa macho utamchanganya na mkopaji. Maamuzi yote hayo umeyabeba kichwani. Sasa saa tatu na nusu inafika, unaanza kutupia jicho saa ya ukutani, na kile kifungu kirefu hukigusi kwa kuwa hutakimaliza. Saa nne na nusu unakata simu, lakini akili bado inajadili bei. Mtafiti Sophie Leroy aliliandikia jambo hili mwaka 2009: mtu akihama kazi kabla haijaisha, sehemu ya mawazo yake hubaki kulekule alikotoka. Na simu ya mteja ni nadra kuisha, kwa sababu humalizika kwa "basi nitakutumia makadirio jioni". Ukirudi kwenye mkataba unasoma upya kuanzia ukurasa wa pili.

Ndiyo maana mimi, ambaye natafsiri pia, simu zote nimezisukuma Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Asubuhi, saa mbili hadi saa tano, ni ya kutafsiri tu, na simu ya mkononi inalala chumba kingine. Ankara, risiti, kodi na kuwakumbusha wanaodaiwa vina mchana wa Jumatano. Kazi hizi zinavumilia kukatizwa. Ankara ukiiacha katikati, unaikuta palepale. Barua pepe nafungua saa sita, halafu tena jioni.

Alasiri sikuichagua kwa bahati. Saa tisa ya kwetu, London ni saa saba mchana majira yao ya joto, na saa sita majira ya baridi. New York wako nyuma yetu kwa saa saba au nane, kwa hiyo mteja wa huko anayetaka saa tatu yake ya asubuhi ananipata saa kumi au saa kumi na moja jioni. Hapa pana mtego. Sisi saa zetu hatuzisogezi, wao huzisogeza, tena si siku moja: Marekani Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kikao cha kila wiki alichokiweka mteja kwenye Google Calendar hufuata saa za kwake, kwa hiyo kitahama kwenye kalenda yako bila mtu kukuuliza. Mimi wiki hizo za Machi, na zile za mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, nakagua kila kikao kimoja kimoja. Niliwahi kumsubirisha mtu saa nzima, sirudii.

Faida niliyoichelewa kuiona ni kwenye kuahidi tarehe. Zamani nilihesabu siku, sasa nahesabu asubuhi. Mikataba naipigia rasimu maneno kama 400 kwa saa. Asubuhi ya Jumatatu hadi Alhamisi ni saa 12, yaani maneno 4,800. Ijumaa asubuhi naiacha wazi makusudi, iwe akiba. Mteja akiniletea maneno 6,000 Jumatatu alfajiri akitaka Ijumaa jioni, kwa siku tano anaona nafasi tele. Mimi naona maneno 1,200 yaliyobaki yanaimeza akiba yote, na kuhariri hakuna pa kukaa. Umeme ukikatika mara moja tu, nimechelewa. Namjibu Jumanne ijayo: Jumatatu nahariri, Jumanne nasoma mara ya mwisho na kutuma. Wengi hukubali, na anayekataa hulipia haraka yake.

Mpango huu hufa pale unapojaza kila kipande. Wiki isiyo na pengo huvunjika kwa mtoto mmoja mwenye homa, na ikishavunjika Jumanne mtu huitupa yote. Mwingine hufa kwa huruma: "leo tu" kwa mteja mzuri saa tatu asubuhi. Kila Ijumaa nahesabu ni asubuhi ngapi kati ya zile nne zilibaki nzima. Zikiwa tatu, sijali. Zikiwa mbili kwa wiki mbili mfululizo, huwa kuna mteja mmoja aliyezizoea asubuhi zangu. Huyo namwandikia: "Jumanne au Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na mbili, chagua." Hadi leo ni mmoja tu aliyenuna.