Juisi ya kuzimua, soda ya ziro na meno ya mtoto: kipi kikae nyumbani?

Wazazi wengi wanaoleta watoto kliniki ya kinywa na meno hapa Mbeya siku hizi wanasema soda wameshaiacha, na ninawaamini. Onyo la soda limesikika mpaka vijijini. Hata hivyo meno ya watoto wao yanaendelea kuoza, na ukiuliza mtoto anakunywa nini, jibu linakuwa juisi, tena iliyoongezwa maji. "Daktari, mimi naweka nusu juisi nusu maji, sasa sukari gani hiyo?" aliniuliza mama mmoja wa Uyole. Binti yake wa miaka minne alikuwa kwenye kiti, chupa yake ya nusu lita yenye mfuniko wa kunyonyea iko mapajani. Nilipomwinua mdomo wa juu, meno manne ya mbele yalikuwa na mstari wa kahawia karibu na fizi.

Swali lake ni la haki, kwa hiyo tulikaa tukapiga hesabu. Juisi ya boksi kwa kawaida ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, hata ile isiyoongezwa sukari kiwandani, kwa sababu tunda lenyewe lina sukari yake. Nusu ya ile chupa ni mililita 250 za juisi, yaani gramu 25, karibu vijiko sita vya chai. Soda ya kola ya chupa ya mililita 350 ina gramu 37 hivi, vijiko tisa. Kwa hiyo mama yule kweli alikuwa amepunguza sukari, lakini bado haikuwa kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa pamoja na ile ya kwenye juisi isifike asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ingefaa zaidi iwe chini ya asilimia 5. Mtoto wa miaka minne anahitaji takriban kilokalori 1,300 kwa siku. Asilimia 5 yake ni gramu 16, vijiko vinne. Chupa ya asubuhi imeshavuka hapo, na bado hatujagusa chai ya jioni wala andazi.

Lakini kilichooza meno ya binti yule ni zaidi ya zile gramu 25. Ni namna alivyozinywa. Mama anamjazia chupa saa mbili asubuhi, mtoto anakwenda nayo chekechea, anafyonza kidogo, anaweka, anacheza, anarudi kufyonza, mpaka saa sita.

Mdomoni kuna bakteria wanaoishi kwenye utando unaoganda juu ya meno. Wakipata sukari, katika dakika chache wanaigeuza kuwa tindikali. Kipimo cha tindikali ni pH, na namba ikishuka tindikali imezidi. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, ganda la nje la jino linaanza kupoteza madini yake. Kisha mate yanaanza kazi ya kuosha, kuipooza ile tindikali na kurudisha madini kwenye jino, kazi inayochukua nusu saa na mara nyingi zaidi. Mtoto akifyonza tena kabla mate hayajamaliza, saa inaanza upya. Saa nne za kufyonzafyonza ni saa nne ambazo jino halipati nafasi ya kujirekebisha. Mtoto mwingine aliyekunywa soda nzima na chakula cha mchana Jumapili amemeza sukari nyingi kuliko huyu, ila meno yake yameshambuliwa mara moja na mate yakapewa mchana mzima. Siitetei soda, kwa unene na kwa mwili kwa ujumla sukari yake ni mbaya vilevile. Ninachosema ni kwamba kuzimua kumepunguza sukari, halafu mzazi akajiona ameruhusiwa kuongeza muda.

Kuna jambo la pili kuhusu kuzimua. Juisi ina tindikali yake yenyewe, hata bakteria wasipoigusa. Juisi ya chungwa ina pH ya kati ya 3.5 na 4, na ukiichanganya nusu kwa nusu na maji inapanda kidogo sana, haifiki hata 5. Utamu unapungua upesi, ukali unabaki. Ndimu, pasheni na ukwaju ni vivyo hivyo. Kwa hiyo juisi iliyozimuliwa bado ni juisi kwa jino, na inafaa inywewe kama juisi: kwenye kikombe, pamoja na mlo, ikaisha.

Kiasi gani? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo 2017 ambao naupenda kwa sababu unapimika: chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe mililita 120 kwa siku, wa minne hadi sita asizidi 180. Hiyo ni juisi kabla ya kuongezwa maji, na ni kikomo tu, hakuna ulazima wa kukifikia. Waingereza wao wanashauri kwa watoto wadogo sehemu moja ya juisi kwa kumi za maji. Kwa mtindo huo chupa ya binti yule ingekuwa na juisi chini ya mililita 50, sukari kama kijiko kimoja. Mama alicheka akasema hayo si ni maji yenye harufu. Ndiyo, karibu hivyo.

Juisi ya kusaga nyumbani haina msamaha. Embe likiliwa zima linatafunwa, sukari yake imefungwa ndani ya nyama ya tunda na mtoto anashiba moja. Ukilisaga sukari hiyo inakuwa huru, na glasi moja inaweza kumeza maembe mawili. Nyumba nyingi zinaongeza na sukari juu yake, hasa kwenye pasheni na ukwaju. Ile ya unga ya pakiti na ile nzito ya kuchanganya na maji hata siziiti juisi. Soma kibandiko, mara nyingi tunda lenyewe ni kidogo sana au halipo, na zilizobaki ni sukari, tindikali ya limau, rangi na ladha.

Baada ya hesabu hiyo mama wa Uyole akauliza ambalo wengi huuliza: basi nimnunulie soda ya ziro?

Kwa kuoza kwa meno, soda ya ziro ni afadhali kuliko ya sukari, kwa sababu bakteria hawawezi kutengeneza tindikali kutokana na vitamu vyake. Vitamu hivyo utavikuta kwenye kibandiko kwa namba: E951 ni aspatemu, E950 ni asesalfemu, E955 ni sukralosi, E954 ni sakarini. Vinywaji vingine vya bei nafuu vina sukari na hivi vitamu kwa pamoja, kwa hiyo kuviona haimaanishi sukari haipo. Tatizo ni kwamba tindikali ya soda yenyewe haijaondolewa. Kola ya ziro ina pH ya karibu 3, na mtoto anayeinywa kila siku huanza kulika meno bila tundu lolote: meno yanang'aa isivyo kawaida, ncha za mbele zinakuwa nyembamba na kupitisha mwanga, halafu anasema maji baridi yanamuuma. Kafeini ya kola nayo ipo palepale.

Kuhusu saratani, ninaulizwa sana tangu Julai 2023, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipoiweka aspatemu kwenye kundi la vitu "huenda" vikasababisha saratani. Wakati uleule kamati inayopima viongezwa vya vyakula iliacha kikomo kilekile cha aspatemu, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 16 anafika miligramu 640, na kopo moja lina kama 200 hadi 300. Kwa hiyo kopo moja la sherehe halinitishi. Ninachokataa ni kuiweka nyumbani kama kinywaji cha kawaida cha mtoto. Inamzoesha kwamba kiu hukatwa na utamu, na mwongozo wa Mei 2023 wa shirika hilohilo unashauri vitamu hivi visitumike kama njia ya kudhibiti uzito.

Nyumba yenye mtoto anayechoma insulini ina utaratibu wake. Huko soda ya ziro ina nafasi, lakini ni lazima pia pawepo soda ya sukari au juisi isiyozimuliwa, imewekwa mahali panapojulikana na wote. Sukari ya mtoto huyo ikishuka, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, anahitaji sukari ya haraka, kama mililita 150 za soda ya kawaida kwa mtoto mkubwa, pungufu kwa mdogo, kadiri kliniki yake ilivyoelekeza. Soda ya ziro hapo haifanyi chochote, na kwa haraka chupa hizi mbili hufanana.

Kwa nyumba nyingine zote ushauri wangu ni mfupi. Kinachokaa ndani ni maji safi na maziwa. Soda isihifadhiwe, ikinunuliwa iwe ya kunywewa siku hiyo na mlo. Maziwa ya Rungwe na Njombe tunayo, yachemshwe, na mtindi uwe ule usiotiwa sukari, maana ule wa ladha ya stroberi una sukari ya kuongezwa. Hapa nyanda za juu kuna sababu nyingine: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa karibu asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, mkoa unaolisha wengine. Sisemi juisi ndiyo iliyowadumaza. Ila tumbo la mtoto wa miaka miwili ni dogo, na likishajazwa maji matamu saa tatu, uji wa ulezi wa saa nne hauna pa kukaa. Na huko Iringa na Njombe, ulanzi mtamu wa asubuhi usipewe mtoto hata kama mzee anasema bado haujachachuka. Unaanza kuchachuka ukiwa bado unadondoka kwenye mwanzi.

Mtoto aliyezoea chupa ya juisi hatakubali maji kwa siku moja. Punguza juisi kidogo kila baada ya siku mbili tatu, na chupa ya kwenda shule ianze kuwa ya maji matupu kabla ya ile ya nyumbani. Akimaliza juisi ya mlo asukutue kwa maji, na mswaki usubiri kama nusu saa, kwa sababu ganda la jino linakuwa limelainika.

Mara moja kwa mwezi mwinue mdomo wa juu mchana kweupe, ufute meno kwa kitambaa safi na uangalie pale jino linapokutana na fizi. Doa jeupe kama chokaa ni uozo unaoanza, na bado unaweza kurudi nyuma kwa kubadili kinywaji na kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu na punje ya njegere kwa aliyezidi. Likishakuwa la kahawia au ukucha ukikwama, mlete kliniki hata kama halimuumi.