Njia ya nje haikupendelewa

"Wa njia ya nane anaanzia mbele kabisa, basi ameshapewa ushindi."

Ndivyo watu husema kuhusu mbio za mita 200 na 400. Kwenye viwanja vya shule, kutoka Lindi hadi Mtwara, jicho kweli huliona pengo kati ya sehemu za kuanzia. Lakini mstari wa kumalizia ni mmoja, na kona ya nje ni ndefu zaidi. Pengo hufidia urefu huo tu.

Pima mwenyewe. Chora kwa majivu njia zenye upana wa mita 1, kisha zungusha kamba kwenye kona ya nusu duara, ukifuata mstari wa ndani wa kila njia. Kila njia itaizidi jirani yake wa ndani kwa takriban mita 3.14, kona iwe kubwa au ndogo. Mita 200 zina kona moja. 400 zina mbili, kwa hiyo pengo ni 6.28. Kosa linaloniumiza ni kutumia pengo la 400 kwenye 200: hapo wa nje kweli amependelewa.

Hata hivyo njia zina tofauti. Ya kwanza ina kona kali inayouvuta mwili nje na kula kasi. Ya nane ni laini, ila wapinzani wako nyuma na huwaoni. Wengi hupenda za katikati.