Ribonyukliezi iliyojikunja upya: yanayodhaniwa na yaliyoonekana maabarani

Ribonyukliezi A ni kimeng'enya kidogo kinachotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, na kazi yake ni kukata RNA. Mnyororo wake una asidi amino 124. Nane kati ya hizo ni sisteini, ambazo salfa zake hushikana mbili mbili na kufanya vifungo vinne: ya 26 na ya 84, ya 40 na ya 95, ya 58 na ya 110, ya 65 na ya 72. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Christian Anfinsen na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, walikifumua kimeng'enya hiki hadi kikapoteza nguvu yake yote, kisha wakakiacha kijikunje chenyewe. Nguvu yake ikarudi karibu yote. Wakahitimisha kwamba mfuatano wa asidi amino ndio unaoamua umbo la protini, na mwaka 1972 Anfinsen akapata nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Nusu nyingine walipewa Stanford Moore na William Stein, nao pia kwa kazi yao juu ya kimeng'enya hiki hiki.

Vitabu vingi vya shule husimulia jaribio hili kwa sentensi mbili tatu, na sehemu inayoachwa ndiyo yenye ushahidi mzito. Dhana potofu nyingi zinaanzia hapo.

Dhana: vifungo vya salfa ndivyo vinavyoipa protini umbo lake.

Ni rahisi kuamini hivyo, kwa sababu ukivikata, protini hufumuka. Lakini tufuate hatua zenyewe. Kimeng'enya kilitiwa kwenye yurea ya molari 8, ambayo hulegeza mikunjo, pamoja na merkaptoethanoli, ambayo hukata vifungo vya salfa. Ukabaki mnyororo mtupu wenye sisteini nane huru. Baadaye yurea na merkaptoethanoli ziliondolewa, na oksijeni ya hewani ikaachwa iunganishe salfa upya katika maji yenye pH ya karibu 8.

Sasa piga hesabu. Sisteini ya kwanza ina wenzake saba wa kuchagua. Wakishashikana hao wawili, inayofuata ina watano, kisha watatu, kisha mmoja. Saba mara tano mara tatu ni njia 105 za kupanga vifungo vinne, na njia iliyo sahihi ni moja tu. Kama vifungo vingefungwa ovyo, ungetegemea kupata takriban asilimia 1 ya nguvu ya awali, si karibu yote.

Anfinsen hakuishia kwenye hesabu. Safari nyingine alibadilisha mpangilio wa hatua: salfa ziliunganishwa wakati yurea ya molari 8 ingalimo, mnyororo ukiwa bado umelegea, na yurea ikaondolewa baadaye. Vifungo vinne vikawepo kamili, lakini nguvu ya kimeng'enya ilikuwa takriban asilimia 1. (Kulingana huku na hesabu kusichukuliwe kwa ukali mno, maana sisteini zilizo karibu kwenye mnyororo hukutana kwa urahisi zaidi kuliko zilizo mbali.) Kwa maneno mengine, unaweza kuwa na vifungo vyote na usiwe na umbo.

Kisha ikaja hatua ninayoiona kuwa kiini cha kazi yote. Katika protini hii iliyofungwa ovyo waliongeza merkaptoethanoli kidogo sana. Haikutosha kukata vifungo vyote. Ilitosha tu kuvifungua kimoja kimoja na kuviruhusu vibadilishane wenzi. Baada ya saa kama kumi hivi nguvu ilikuwa imerudi. Hakuna aliyeielekeza sisteini ya 26 imtafute mwenzake wa 84. Mnyororo ulikuwa ukijaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, na uliodumu ni ule ambao mnyororo mzima ulitulia zaidi ndani yake, yaani ule wenye nishati huru ndogo kuliko mingine. Mkunjo ndio unaochagua vifungo. Vifungo vinakaza tu kile ambacho mkunjo umeshakichagua.

Dhana: labda haikufumuliwa kabisa, ikabaki na kumbukumbu ya umbo la zamani.

Hili ni pingamizi la haki, na wanasayansi wenyewe walilichukulia kwa uzito. Ile protini iliyofungwa ovyo inalijibu kwa sehemu, kwa kuwa ilikuwa imekwama katika maumbo yasiyo sahihi na bado ikarudi. Jibu kamili lilikuja mwaka 1969. Bernd Gutte na Bruce Merrifield waliunda mnyororo wote wa asidi amino 124 kwa kemia, asidi moja baada ya nyingine, bila seli na bila ng'ombe. Mwaka huo huo kundi la kampuni ya Merck nalo lilitangaza kuunda kimeng'enya hicho kwa njia tofauti. Mnyororo wa Gutte na Merrifield haukuwahi kuwa na umbo la zamani la kukumbuka, lakini ulipoachwa ujikunje ulianza kukata RNA. Nguvu yake haikufikia ile ya kimeng'enya cha asili, jambo lisiloshangaza kwa mnyororo mrefu hivyo uliojengwa kwa mkono, ambamo makosa madogo madogo hujilimbikiza.

Dhana: seli ina protini za kusaidia kukunja, kwa hiyo mfuatano pekee hautoshi.

Wa kwanza kutafuta msaidizi walikuwa akina Anfinsen wenyewe. Jambo lililowasumbua ni kwamba maabarani mkunjo ulichukua saa nyingi, wakati seli haiwezi kusubiri hivyo. Mwaka 1963 walipata kwenye ini kimeng'enya kinachoharakisha ubadilishanaji wa vifungo vya salfa hadi kazi ikamalizika kwa dakika chache. Kimeng'enya hicho hakijui umbo la ribonyukliezi. Kinafanya kazi ile ile ya merkaptoethanoli, ila kwa kasi zaidi. Shaperoni nazo, yaani zile protini za seli zinazosaidia kukunja, kwa sehemu kubwa huzuia minyororo iliyo nusu mkunjo isigandamane. Hazibebi ramani ya umbo la mwisho.

Dhana: basi protini yoyote ikifumuliwa itajikunja tena.

Hapana. Ribonyukliezi ni ndogo na mvumilivu, na walioichagua walibahatika. Minyororo ikiwa mingi mno katika maji kidogo, hunasana yenyewe kwa yenyewe kabla haijamaliza kujikunja, na dalili yake utaiona kwa macho: maji yanakuwa meupe kama ukungu na mashapo yanatuama. Tena, mfuatano huamua umbo katika mazingira fulani ya pH, joto na chumvi. Ndani ya yurea ya molari 8 mfuatano ule ule hauna umbo lolote maalumu.

Mfano unaofundisha zaidi ni insulini. Ina minyororo miwili, wa asidi amino 21 na wa asidi amino 30, iliyoshikwa kwa vifungo vya salfa. Ukivikata kisha ukaviacha vijifunge upya, unapata insulini sahihi kidogo tu. Hata ukiichanganya insulini nzima na kile kimeng'enya cha ini, vifungo vyake huvurugika na protini ikaganda. Sababu ilieleweka mwaka 1967, Donald Steiner alipoonyesha kwamba insulini huanza kama mnyororo mmoja mrefu, proinsulini, unaojikunja kwanza na kukatwa kipande cha kati baadaye. Proinsulini ikifumuliwa, hujikunja tena vizuri. Maelekezo ya umbo yalikuwa kwenye mfuatano ule mzima, na insulini tunayoijua imeshapoteza sehemu yake.