Usinihesabie mabomu, nihesabie yatakayobaki

Juzi nimemaliza kufundisha, hata karatasi zangu sijazikusanya, mtu akanifuata na swali ambalo nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu: "Mwalimu, kati ya haya mataifa makubwa nani ana mabomu mengi ya nyuklia? Maana huyo ndiye mshindi." Nilimjibu kwa adabu. Hapa adabu itapungua kidogo.

Idadi peke yake haikuambii kitu. Uliza hivi: huyo mwenye mabomu akishtukizwa alfajiri, atabaki na mangapi yanayoweza kuruka? Hayo yatakayobaki ndiyo uwezo wa pigo la pili, na ndiyo yanayomfanya adui arudishe kidole mfukoni.

Watu hupenda kueleza kuangamizana kwa msemo wa "ukimwaga mboga, namwaga ugali". Msemo mzuri, ila unachukulia kwamba mboga ikishamwagwa mimi bado nina mkono wa kuushika ugali. Mzozo wetu wote ni juu ya huo mkono.

Tuchukue nchi mbili, kila moja na makombora 100 ndani ya mashimo ya zege, kila kombora na kichwa kimoja cha nyuklia. Kwa kuwa kombora linaweza kukosa shabaha au kugoma njiani, mshambuliaji mwangalifu hupanga vichwa viwili kwa kila shimo. Akirusha vyake vyote 100, ataharibu mashimo 50, kisha atasimama mikono mitupu mbele ya adui mwenye makombora 50 na hasira. Nani ataanza?

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Kila kombora lipe vichwa 10, kama ilivyokuwa kwa MX la Marekani na SS-18 la Wasovieti. Vichwa 200 vya kufuta mashimo yote 100 sasa vinabebwa na makombora 20. Anayeanza anabaki na makombora 80, mwenzake anabaki na vifusi. Kwenye karatasi wako sawa, vichwa 1,000 kwa 1,000. Kiusalama wako pabaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa anayesubiri ndiye anayeliwa, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake analijua hilo. Ndiyo maana mkataba wa START II wa 1993 kati ya Marekani na Urusi ulikusudia kuondoa makombora ya nchi kavu yenye vichwa vingi. Haukuwahi kuanza kutumika.

Mwenye mashimo yaliyo hatarini hushawishika kurusha kabla hajapigwa, na kombora la kuvuka mabara huchukua kama dakika 30 tu kufika. Usiku wa Septemba 26, 1983, mitambo ya Wasovieti ilimwonyesha afisa wa zamu, Stanislav Petrov, kombora moja likitoka Marekani, halafu mengine, mpaka yakawa matano. Akatoa taarifa kuwa ni kosa la mitambo. Kweli, ilikuja kubainika kwamba setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliomulika mawingu. Sababu yake mojawapo naipenda sana: hakuna anayeanzisha vita ya namna hiyo kwa makombora matano. Angeacha maadui wake karibu wote wazima. Hesabu ileile ya mashimo.

Nyambizi yenye makombora ndiyo inayoondoa pupa hiyo, maana huwezi kulenga usichokiona. Uingereza ina nyambizi nne za aina ya Vanguard, na tangu 1969, kwa hizi na zilizozitangulia, haijaacha kuwa na angalau moja baharini. Nne kwa ajili ya moja si anasa: moja iko doria, nyingine kwenye matengenezo makubwa, zilizobaki zinafanya mazoezi au zinajiandaa kupokea zamu. Vichwa vyake ni tone ukilinganisha na vya Urusi. Lakini Urusi ikipiga kila kituo cha nchi kavu, ile moja bado inaelea mahali fulani. Haya, nani ana mengi?

(Ngao za kutungua makombora? Zinatibua mambo, kwa sababu zinalenga hicho kidogo kilichobaki baada ya pigo la kwanza. Ndiyo maana mkataba wa 1972 kati ya Marekani na Wasovieti ulizibana. Marekani ilijitoa mwaka 2002.)

Kuna sehemu moja ambayo mimi mwenyewe hainikai sawa. Waziri mkuu mpya wa Uingereza huandika kwa mkono barua kwa nahodha wa kila nyambizi, kumwagiza alipize au asilipize, ifunguliwe iwapo serikali imefutika. Wakati huo nchi imekwisha, na kulipiza hakurudishi hata mtu mmoja. Tishio lilikuwa na kazi kabla ya pigo, baada yake linabaki mauaji tu. Vitabu hujibu kwamba inatosha adui asiwe na uhakika. Mimi hufundisha hivyo, ila sijawahi kuliamini jibu hilo kwa moyo wote. Kilichoandikwa hatutakijua: waziri mkuu akiondoka madarakani, barua zake huharibiwa bila kufunguliwa.