Wengi si lazima wawakilishe wote

"Ukiuliza watu wengi, huwezi kukosea."

Unaweza, tena vibaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya maoni ya watu zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina ya walioulizwa yalitoka hasa kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi waliotumiwa karatasi za maoni hawakujibu.

Chukua mfano wa lori la machungwa ya Muheza likishusha Tanga mjini. Ukionja 60 ya juu tu, umepima yaliyopangwa yaonekane. Chomoa 20 bila kuchagua, juu, katikati na chini. Mawili hayatoshi, bahati yaweza kukudanganya. Yakiwa matamu 18, sema "mengi ni matamu", kwa lori hilo tu.